Kula restora inchi ya kigeni: maneno ya karte yenye kupandisha fakture

Mukaaji wa Likasi akivuka Kasumbalesa na kuingia restora moja ya Kitwe ao Ndola, karte yenye wanamuletea ni ya Kiingereza. Maneno yake mengi yanafanana na ya Kifaransa tulichosoma ku masomo, na pale njo shida inaanzia. Neno ni karibu lile lile, lakini chakula chenye kufika ku meza, na bei yake, si vile alivyofikiri.

Tuanze na neno "menyu" lenyewe. Kwa Kifaransa, orodha ya vyakula vyote ni karte, na menyu ni chakula chenye kupangwa mbele, kwa bei moja. Kwa Kiingereza, menyu ni orodha nzima. Kile cha bei moja wanakiita "seti menyu": cha kuanzia, chakula chenyewe, pengine na kitu cha sukari mwishoni. Bei ya seti menyu ni ya mutu mumoja, na mara mingi kinywaji hakimo. Soma pia lile neno dogo "ao" kati ya vyakula: likiwa pale, unachagua kimoja, haupewi vyote viwili. Ukiomba kubadilisha kitu, wanaweza kuongeza bei.

Cha kuanzia, kama supu, saladi ao sambusa, Waingereza na Wazambia wanakiita "stata". Sisi tumezoea kusema "antre". Kule Amerika, neno hilo la antre, lenye kuanza na herufi E, ni chakula chenyewe, sahani kubwa. Kwa hiyo mugeni mwenye kuomba antre moja kwanza, kisha nyama, anaweza kuletewa sahani kubwa mbili na kulipa zote.

Bukari haiko ndani ya bei ya kuku

Ku malewa ya Likasi, ukilipa kuku, bukari na sombe vinakuja pamoja naye. Ku restora za kigeni haiko hivyo kila fasi. Kuku anaweza kuandikwa peke yake, na bukari (Wazambia wanaiita nshima), muchele, viazi ao mboga vinaandikwa chini, fasi ya "saidi dishi", kila kimoja na bei yake. Kama chini ya jina la kuku wameandika kwamba anakuja na kitu fulani, hicho kimo ndani ya bei. Kama hawakuandika kitu, uliza mbele ya kuomba.

Tuchukue mufano. Bei hizi ni za kuonyesha tu. Bwana na bibi wanaona kuku kwacha 150, na wanahesabu 300 kwa wote wawili. Wanaongeza nshima na mboga, kwacha 30 kila mutu: 360. Wanakula stata moja ya kwacha 60 pamoja: 420. Fakture inafika ikiandikwa "savisi chaji" ya 10 kwa mia, ni kusema 42. Jumla ni 462. Hakuna mwenye kuwaiba, lakini wakiwa na 400 mufukoni, haya inawangojea.

Purbuare: zawadi ao deni?

Savisi chaji ni feza ya utumishi yenye restora yenyewe inaweka ku fakture. "Gratyuiti", lenye kuanza na G, ni purbuare. Kwa Ufaransa, tangu 1987, bei ya ku karte ni lazima iwe imekwisha kuingiza utumishi. Ukiacha kitu juu yake, ni kwa mapenzi yako.

Amerika ni tofauti. Sheria ya inchi nzima inaruhusu mukubwa wa restora kumulipa mutumishi wa meza dola 2,13 kwa saa, juu wanahesabu kwamba purbuare itajaza mushahara wake, hata kama majimbo mengine yanalazimisha zaidi. Njo maana kule wateja wanaacha karibu 15 mpaka 20 kwa mia, na mwenye kuondoka bila kuacha kitu anaonekana kama amekimbia deni. Kodi nayo inaongezwa ku mwisho, haionekani ku karte.

Restora nyingi za kule, mukifika watu sita ao zaidi ku meza moja, zinaandika gratyuiti zenyewe. Kisha karatasi ya kadi ya banki inafika na mustari mutupu wa kujaza purbuare. Mutu asiyesoma anajaza tena, na anamaliza kulipa mara mbili.

Basi mbele ya kuomba, uliza mambo mawili: "Nyama hii inakuja na nini?" na "Bei hii, kodi na utumishi vimo?" Fakture ikifika, angalia kwanza mistari ya chini, mbele ya kutoa feza. Ukiona savisi chaji ao gratyuiti imekwisha kuandikwa, ule mustari mutupu unaweza kuuacha hivyo.