Barua ya Onyo Huanzia Kwenye Daftari

Meneja wa mgahawa jijini Dar es Salaam anapoandika kwamba mhudumu "amezoea kuchelewa", barua yake bado haijasema kitu. Kachelewa lini? Kwa dakika ngapi? Nani aliona? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe mambo mawili: kwamba sababu ilikuwa ya haki, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Maonyo ya awali ni sehemu ya ushahidi huo, kwa hiyo hayaandikwi kwa hasira.

Chukua mfano wa mhudumu anayetoka Mbagala kwa daladala na kutakiwa kazini saa 12:00 asubuhi. Daftari la mahudhurio, ambalo kila mtu husaini mwenyewe anapoingia, linaonyesha alichelewa tarehe 3, 8, 12 na 19. Mwezi uliotangulia alishaonywa kwa mdomo, na msimamizi akaandika tarehe ya onyo hilo kwenye faili. Meneja makini haanzi na barua ya onyo. Kwanza humwandikia amtake ajieleze, akiambatanisha tarehe na saa, na kumpa siku mbili tatu za kujibu.

Hapo ndipo mambo huibuka. Mhudumu anajibu kwamba usiku wa kuamkia tarehe 8 na 19 alipangwa zamu ya kufunga, akatoka saa 5:00 usiku. Meneja anafungua ratiba ya zamu na kukuta ni kweli. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 7, ilhali sheria humpa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja. Siku hizo mbili kosa ni la aliyepanga zamu. Kuzitia kwenye barua ni kumpa mhudumu hoja ya kuiangusha yote.

Zinabaki tarehe 3 na 12, ambazo maelezo yake ni foleni tu. Barua inakuwa fupi: "Tarehe 3 uliingia saa 12:40 asubuhi na tarehe 12 saa 12:35, badala ya saa 12:00. Tumepokea maelezo yako na kuziondoa tarehe 8 na 19. Unatakiwa kufika kwa wakati. Onyo hili litadumu miezi sita." Inafuata sentensi ya kumweleza anayeweza kumkatia rufaa.

Kumkata mshahara kama faini, jambo linalopendwa sana migahawani, halimo humo. Sheria haimruhusu mwajiri kujiamulia makato.

Mhudumu akikataa kusaini, halazimishwi. Meneja humwita mfanyakazi mwingine, barua husomwa mbele yake, naye huandika chini: "Amesomewa, amekataa kusaini", kisha huweka tarehe, saa na jina lake. Nakala moja huenda kwa mhudumu, nyingine kwenye faili, na ratiba ya zamu inayofuata hupangwa upya.