Seva Ilipokufa Asubuhi ya Mtihani

Tumwazie fundi wa maabara ya kompyuta katika shule ya bweni nchini Kenya. Leo watahiniwa wa KCSE wanafanya karatasi ya pili ya somo la kompyuta, ile ya vitendo, ya saa 2 na nusu. Saa moja asubuhi anawasha seva, ya pekee shuleni. Skrini inaandika `No bootable device`, na ndani ya sanduku kunasikika tik, tik, tik.

Anaizima, anabadilisha kebo ya data, kisha anafungua mipangilio ya BIOS. Diski haimo kwenye orodha. Hapo anaiacha. Mlio ule mara nyingi ni wa kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia zake, na kila diski inapowashwa kinaweza kukwaruza sahani na kuharibu data ambayo mtaalamu angeiokoa.

"Fundi, niwaambie watoto leo hakuna mtihani?" mwalimu wa somo anauliza.

"Hapana, mwalimu. Nipe nusu saa."

Anachofanya sasa ni kujiuliza seva ile ilikuwa na kazi gani hasa. Ilihakiki majina na nywila, ilihifadhi faili, na ilipokea kazi za kuchapisha. Programu za kuandikia, za majedwali na za hifadhidata hazimo ndani yake. Zimo katika diski ya kila kompyuta. Kwa hiyo mtihani unaweza kufanyika bila seva, mradi kazi hizo tatu zipate pa kufanyikia.

Anaanza na kuingia. Badala ya jina la kawaida, anaandika `.\mtihani`. Nukta na mkwaju huo huiambia Windows isiulize seva, bali itafute akaunti iliyomo kwenye mashine yenyewe. Akaunti hiyo aliifungua kwenye kila kompyuta wakati wa likizo. Bila hivyo, nusu saa isingetosha. Faili nazo zitahifadhiwa papo hapo, kisha kwenye CD ya mtahiniwa.

Printa ilikuwa ikifikiwa kupitia seva. Anaiunganisha kwa kebo ya USB na kompyuta ya mbele, ambayo tayari ina programu ya kuiendesha. Watahiniwa watachapisha hapo kwa zamu, msimamizi akiangalia. Foleni itakuwa ndefu, lakini itasonga. Kabla ya kumwita mwalimu, anaingia, anaandika mstari mmoja, anauhifadhi na kuuchapisha.

Mtihani unafanyika. Kilichobaki hatarini ni kazi za kidato cha tatu, zilizokuwa kwenye seva pekee. Kila Ijumaa jioni fundi huzinakili kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini. Leo ni Jumatano: baada ya kuweka diski mpya, atarudisha yote hadi Ijumaa. Kazi ya Jumatatu na Jumanne wanafunzi wataifanya upya, na kuanzia wiki hii atanakili kila jioni.