Pima Duara Kabla ya Kuamini Jibu

Mwanafunzi amebandua utando mwembamba wa kitunguu maji, akautia tone la iodini, akaufunika kwa kioo chembamba na kuuweka chini ya hadubini. Lenzi ya jicho imeandikwa 10×, na lenzi ya chini anayoitumia nayo ni 10×. Anachagua seli moja, anaichora daftarini ikiwa na urefu wa sentimita 12, kisha anatafuta urefu wake halisi. Anazidisha 10 kwa 10 na kupata 100, anagawanya 12 kwa 100 na kupata sentimita 0.12, na mwisho anaandika: mikromita 1200.

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Hata ubadilishaji wa vipimo ni sawa, kwa maana sentimita 0.12 ni milimita 1.2, na milimita moja ina mikromita 1000. Hata hivyo jibu si kweli, na mwalimu anayesahihisha kwa kufuata hatua za hesabu pekee anaweza kulipa alama zote.

Kosa liko kwenye ile 100. Hiyo ni namba ya hadubini: inaeleza jinsi lenzi mbili kwa pamoja zinavyokuza kile jicho linachokiona. Mchoro wa daftarini haukutoka kwenye lenzi, umetoka kwenye mkono wa mchoraji. Angeweza kuichora seli ileile kwa sentimita 6 au 20, na hadubini isingebadilika hata kidogo. Kwa hiyo mchoro una ukuzaji wake wenyewe, nao hupatikana kwa kugawanya urefu wa mchoro kwa urefu halisi wa seli. Ndiyo kusema urefu halisi lazima upatikane kwanza, tena kwa njia isiyopitia mchoro.

Njia yenyewe ni rahisi, na haitaki kifaa cha bei. Zungusha lenzi za chini mpaka ile ndogo, yenye 4×, iwe juu ya slaidi. Ondoa slaidi, weka mahali pake rula ya plastiki inayopitisha mwanga, na utazame. Utaona duara la mwanga lililokatwa na mistari ya milimita. Hesabu milimita kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ukipita katikati kabisa ya duara. Tuseme umepata milimita 4 na nusu, kipimo cha kawaida kwa hadubini nyingi za shule. Hicho ndicho kipenyo cha duara unaloliona kwa lenzi ya 4×.

Lenzi inayokuza zaidi huonyesha eneo dogo zaidi, na hupungua kwa uwiano uleule. Ukihamia 10×, kipenyo kinakuwa 4.5 mara 4, gawanya kwa 10: milimita 1.8, yaani mikromita 1800. Ukihamia 40× kinabaki milimita 0.45, sawa na mikromita 450. Hapo rula haisaidii tena, kwani hata milimita moja nzima haienei ndani ya duara. Ndiyo maana kipimo huanzia kwenye lenzi ndogo na kingine hukokotolewa. Hesabu hii inadai lenzi ya jicho ibaki ileile. Ukiibadilisha, pima upya.

Sasa rudisha slaidi ya kitunguu chini ya 10×. Isogeze mpaka safu moja ya seli ilale juu ya kipenyo cha duara, kisha zihesabu kwa urefu wake, na zile zilizokatwa ukingoni uzihesabu kama nusu. Ukipata seli 6, basi 1800 gawanya kwa 6 ni 300. Kila seli ina urefu wa wastani wa mikromita 300, na hilo linapatana na kitunguu, ambacho seli za utando wake mara nyingi huwa za mikromita mia mbili hadi mia nne. Ule mchoro wa sentimita 12 ni mikromita 120,000. Gawanya kwa 300, upate ukuzaji wa ×400. Hiyo ndiyo namba ya kuandika chini ya mchoro, bila kipimo chochote mbele yake, kwa kuwa ni uwiano tu.

Kwa duara hilohilo unaweza kulikamata jibu la 1200 bila kurudia hesabu yote. Kama seli ingekuwa na mikromita 1200, ndani ya duara la 1800 zingeingia moja na nusu tu, wakati macho yameona sita. Ukitaka ushahidi wa pili, hamia 40×: seli ya mikromita 300 inapaswa kujaza theluthi mbili za duara la 450. Ikijaza, umemaliza ubishi.

Kwenye picha zilizochapwa mambo hubadilika kidogo, maana hapo ukuzaji hutolewa na swali. Chukua picha ya chembe nyekundu ya damu yenye upana wa milimita 15, na chini yake pameandikwa ×2000. Geuza milimita kuwa mikromita kwanza, ndipo ugawanye: 15,000 kwa 2000 ni mikromita 7.5. Chembe nyekundu ya mtu huwa karibu na mikromita 7 au 8, hivyo jibu limekaa mahali pake.

Makosa mawili ndiyo yanayojitokeza zaidi hapa, na kila moja lina sura yake. Anayezidisha badala ya kugawanya hupata milimita 30,000, yaani chembe ya damu yenye upana wa mita 30. Huyo hujikamata mwenyewe akitazama tu alichoandika. Wa pili ni mgumu zaidi kumwona. Amepima kwa sentimita, 1.5, akazidisha kwa 1000 kana kwamba ni milimita, na jibu lake ni mikromita 0.75. Sentimita moja ina mikromita 10,000, si 1000, kwa hiyo amekosea mara kumi kamili. Chembe ya mikromita 0.75 ingekuwa ndogo kuliko bakteria wengi. Jibu likipungua au kuzidi lile linalotarajiwa mara kumi kamili, anza kuutilia shaka upimaji wa sentimita kabla ya kitu kingine. Mimi ningeshauri rula isomwe kwa milimita siku zote, sentimita ziachwe kwa fundi cherehani.

Usiandike pia 7.4836 eti kikokotoo kimetoa hivyo. Rula ya kawaida haiwezi kutofautisha chini ya nusu milimita, na kwenye picha hii nusu milimita ni robo ya mikromita. Tarakimu mbili zinatosha.

Kuna mtego mwingine ambao si wa mwanafunzi. Karatasi ya mtihani ikipunguzwa kwenye mashine ya fotokopi hadi asilimia 70, ile chembe ya milimita 15 inakuwa milimita 10.5, lakini maandishi ×2000 yanabaki vilevile. Mtahiniwa mwaminifu atapata mikromita 5.25 na kukosa. Picha ikiwa na mstari wa kipimo, tuseme wa milimita 20 ulioandikwa 10 µm, mstari nao unapungua pamoja na picha hadi milimita 14, na 10.5 gawanya kwa 14, mara 10, inatoa 7.5 ileile. Basi walimu mnaotunga maswali, wekeni mstari wa kipimo kwenye kila picha, na kabla ya kugawa karatasi pimeni kwa rula nakala atakayoishika mwanafunzi, si ile iliyo kwenye kompyuta yenu.