Kupata fomyula ya hita kutoka kwenye vipimo vyake

Kabla ya kurekebisha kidhibiti cha joto cha tangi la maji, unahitaji fomyula inayoeleza jinsi tangi linavyoitikia hita. Jaribio ni rahisi. Ngoja joto litulie, pandisha nguvu ya hita ghafla, kisha rekodi joto kila baada ya sekunde 10 mpaka litulie tena.

Tuchukue mfano: nguvu inapanda kutoka asilimia 40 hadi 60, na joto kutoka nyuzi 50 hadi 62. Kwa sekunde 20 za kwanza hakuna kinachobadilika, kisha joto linapanda kwa kasi inayopungua kidogo kidogo. Fomyula inayofaa ni G(s) = K·e^(−Ls)/(τs + 1). K ni nyuzi zinazoongezeka kwa kila asilimia moja ya nguvu, L ni ucheleweshaji, na τ ni muda wa kufikia asilimia 63 ya badiliko baada ya ucheleweshaji kwisha. K tunaipata papo hapo: 12 ÷ 20 = 0.6.

Njia ya haraka ya kupata τ ni kutoa kwanza thamani za mwanzo kwenye joto na nguvu, kisha kuandika y[k+1] = a·y[k] + b·u[k−2], kwa kuwa sekunde 20 ni vipimo viwili. Kompyuta hutafuta a na b zinazofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Tukipata a = 0.946 na b = 0.0324, basi τ = −10/ln(a), yaani sekunde 180, na b/(1−a) inarudisha 0.6 yetu.

Tatizo ni kelele za kihisi. y[k] iliyo upande wa kulia nayo imepimwa, lakini hesabu inaichukulia kuwa sahihi kabisa, na hilo huivuta a kuelekea sifuri. Ikishuka hadi 0.90 tu, τ inakuwa sekunde 95, karibu nusu ya ile ya kweli. Kupima mara nyingi zaidi hakuponyi: tofauti kati ya kipimo na kinachofuata inazidi kuwa ndogo, na kelele inaizidi nguvu.

Dawa ni kulinganisha mchoro mzima. Kokotoa joto kwa kutumia nguvu ya hita peke yake, ŷ(t) = 20K(1 − e^(−(t−L)/τ)) baada ya muda L, kisha badilisha K, τ na L mpaka jumla ya miraba ya tofauti ifikie kiwango cha chini. Hapa hesabu hurudiwa hatua kwa hatua, na majibu ya njia ya haraka yanafaa kuanzia.

Mwisho, chora tofauti zilizobaki. Zikitawanyika juu na chini ya sifuri bila mpangilio, fomyula inatosha. Zikibaki upande mmoja kwa muda mrefu mwanzoni, huenda L si sahihi, au chuma cha hita kinapata moto kwanza na kinahitaji τ yake. Kisha rudia jaribio kwa kushusha nguvu. Tangi likipoa kwa τ tofauti sana, fomyula moja haiwezi kubeba pande zote mbili.