Hesabu za Maziwa ya Kila Asubuhi

Watu wengi wamezoea kumwona mchuuzi wa maziwa akipita alfajiri na baiskeli yake, lakini si wengi wazijuao hesabu zake. Mjomba wangu hufanya kazi hiyo mjini Moshi, na wakati wa likizo mimi ndiye nimwandikiaye daftari. Basi napenda kuwaeleza wasomaji jinsi biashara hii inavyokwenda.

Mjomba hatembezi maziwa akitafuta wanunuzi. Anazo nyumba 30, na kila nyumba imekubali kupokea lita 1 kila siku na kulipa kwa mwezi. Sababu yake ni hii: maziwa mabichi yasiyowekwa penye baridi huharibika kwa saa chache tu. Mchuuzi wa barabarani hukisia, na yanayombakia huganda. Mjomba ajua tangu jioni kwamba kesho atahitaji lita 30, wala hanunui zaidi.

Sasa tutazame fedha. Hununua lita kwa shilingi 1,200 na kuiuza kwa shilingi 1,800. Kwa hiyo kila nyumba humpa faida ya shilingi 18,000 kwa siku 30, kabla ya kutoa gharama za baiskeli. Mtu aweza kudhani kwamba kazi ni rahisi. Lakini wafugaji hutaka kulipwa kila Jumamosi, yaani shilingi 252,000 kwa juma. Wateja wote wakilipa mwisho wa mwezi, itampasa kutoa shilingi 1,008,000 kwa majuma manne kabla ya kupokea hata senti moja. Hapo ndipo wengi huanguka: daftari laonyesha faida, na mfuko ni mtupu.

Dawa aliyoipata mjomba ni kuwagawa wateja. Nyumba 15 hulipa mwanzo wa mwezi, nazo huleta shilingi 810,000. Hivyo hubakiwa na shilingi 198,000 tu za kutafuta kwingine.

Hatari nyingine ni mteja anayehama bila kulipa. Maziwa aliyokunywa kwa mwezi yalinunuliwa kwa shilingi 36,000, na hiyo ni faida ya nyumba mbili nzima. Kwa hiyo mteja mgeni hulipa juma kwa juma kwanza, mpaka ajulikane.

Tena kuna ugomvi wa hesabu. Mama mmoja aliwahi kusema, "Mwanangu, siku tatu hukutuletea kitu." Tangu hapo kila nyumba ina kadi yake, nasi tuna daftari letu, asubuhi vyote viwili hutiwa alama mbele ya mwenye nyumba. Anayesafiri hutoa habari jioni ya kuamkia safari, kwani baada ya hapo maziwa yake yamekwisha kuagizwa.

Msomaji anayefikiri kuanza biashara ya namna hii, ya maziwa, mkate au maji, na aanze kwa kuuliza: nitamlipa lini aniuziaye, na nitalipwa lini? Siku zilizo kati ya hizo mbili ndizo mtaji wake.