Kinachotafutwa Hakimo Kwenye Mchoro

Mchoro wenyewe ni mdogo, hauzidi kiganja. Juu pana mistari miwili iliyosimama sambamba, mmoja mrefu na mwembamba, mwingine mfupi na mnene. Kulia pana duara lenye herufi A. Chini pana mstatili ulioandikwa R, na kushoto mstari umekatika, pameandikwa K. Maagizo yanayofuata ni mafupi pia: unganisha vifaa kama mchoro unavyoonyesha, soma mkondo wa umeme R ikiwa omu 1, 2, 3, 4 na 5, kisha tafuta ukinzani wa ndani wa seli.

Jaribio hili wanalifahamu wengi waliosoma fizikia ya sekondari. Vifaa vyake ni vinne tu, na ndiyo maana wanafunzi huuangalia mchoro mara moja na kukimbilia waya. Mwalimu anayejua kazi yake huwazuia kwanza. Huwaambia waweke kidole kwenye ule mstari mrefu wa seli, wafuate njia ya mkondo mpaka warudi kwenye mstari mfupi, na kila kidole kinapogota kwenye alama, waseme kifaa kile kimewekwa pale kufanya nini. Kisha huwauliza: hiyo r mnayoitafuta iko wapi?

Darasa hukaa kimya, kwa sababu haimo. Mchoro una R kubwa, hauna r ndogo.

Imejificha ndani ya seli. Seli kavu ina gamba la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na kemikali zenye unyevunyevu kati yao. Kemikali hizo ndizo zinazousukuma mkondo, lakini mkondo huohuo hulazimika kupita ndani yake, na humo hukutana na upinzani kama unavyokutana nao kwenye waya mwembamba. Kila nyumba inayotumia tochi imekwisha kuliona jambo hili. Betri zilizochoka zikipimwa kwa voltimita huweza kuonyesha volti 1.3 au 1.4 kila moja, karibu sawa na mpya, ila zikirudishwa kwenye tochi, taa huwaka kwa unyonge. Msukumo bado upo. Kilichopanda ni ukinzani wa ndani, na sehemu kubwa ya msukumo inaishia humohumo kabla haijafika kwenye balbu. Wanaoanika betri juani huziona zikifufuka kwa muda, kwa kuwa joto huchangamsha kemikali na kupunguza ukinzani huo.

Kwa hiyo ile mistari miwili isomwe hivi: mrefu ni chanya, mfupi ni hasi, na nyuma yake kuna vitu viwili, yaani msukumo wa seli, E, na ukinzani wake, r. Wengine hukosea hata upande. Kwenye betri halisi, chanya ni ile ncha iliyochomoza, kitu kidogo, basi wakadhani mstari mfupi ndio wenyewe. Sivyo.

Ukijua kwamba r imo ndani ya seli, kazi ya vifaa vingine inaeleweka. Mkondo ukizunguka njia nzima hukutana na R ya nje na r ya ndani, zimefuatana. Hivyo E = I(R + r), na ukiipanga upya unapata R = E/I − r. R inajulikana kwa sababu mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeiweka. I inasomwa kwenye ameta. Zinabaki E na r, ambazo hazibadiliki. Ndiyo sababu R inabadilishwa mara tano, ili namba tano zifichue mbili zilizofichika.

Hili si wazo la juzi. Georg Simon Ohm, mwalimu aliyekuwa Cologne, Ujerumani, alilifanya mwaka 1826 kwa waya nane za shaba zenye urefu tofauti. Aliandika kwamba nguvu ya mkondo ni sawa na namba moja isiyobadilika ikigawanywa kwa jumla ya urefu wa waya na namba nyingine isiyobadilika. Hiyo namba ya pili ilibeba ukinzani wa sehemu nyingine zote za saketi mbali na waya aliokuwa akiupima. Ni r yetu, kwa herufi nyingine.

Turudi kwenye kidole. Kinapofika kwenye mstatili wa R, kinagota kwenye kifaa kinachodanganya watu kuliko vyote. Katika maabara nyingi R ni kisanduku chenye safu ya plagi za shaba juu ya kifuniko, kila moja ikiwa na namba pembeni yake. Chini ya kila plagi, ndani ya kisanduku, kuna koili ya waya. Plagi ikiwa imeshindiliwa, mkondo hupita kwenye shaba nene bila taabu na kuiruka koili. Plagi ikichomolewa, mkondo hauna pengine pa kupita ila kwenye koili. Maana yake, ili kupata omu 2 unachomoa plagi ya 2. Ukiziacha zote mahali pake, R ni sifuri.

Swichi ya K nayo, katika maabara hizohizo, mara nyingi ni ya plagi, lakini hiyo hufanya kazi kinyume: ukichomeka plagi njia inafunga, ukiichomoa inakatika. Vifaa viwili vinavyofanana juu ya meza moja, vyenye tabia zinazopingana. Mchoro hausemi neno juu ya hilo, kwa kuwa mchoro huonyesha nini kimeunganishwa na nini, hauonyeshi sura ya kitu. Mwanafunzi ambaye hakuelezwa hushindilia plagi zote za kisanduku kwa nia njema, anafunga K, na sindano ya ameta inaruka mpaka ukingoni na kugonga kizuizi. Seli ya volti 1.5 yenye ukinzani wa ndani wa omu 1 ikikutana na R ya sifuri husukuma karibu ampea 1.5, na ameta yake inaishia ampea 1. Dawa yake ni kuchomoa plagi za R kwanza, hasa zenye namba kubwa, ndipo K ifungwe.

Ameta imechorwa ndani ya njia, si pembeni yake, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu mkondo wote unaopita. Ili isiuzuie mkondo inaoupima, imetengenezwa ikiwa na ukinzani mdogo sana. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya iharibike ikiunganishwa moja kwa moja kwenye ncha mbili za seli, kwani pale hakuna cha kuuzuia mkondo ila r peke yake. Ncha yake nyekundu iangalie upande wa chanya ya seli; ikigeuzwa, sindano hukwenda kushoto kwa sifuri na kujibana hapo.

Siku za jaribio husikika sana sauti moja: "Mwalimu, ya kwangu haisogei." Sindano iliyolala kwenye sifuri ina sababu chache, na mchoro ndio unaosaidia kuzipata. Kidole kikifuata waya halisi badala ya mistari, kwa kawaida hugundua waya uliolegea kwenye skrubu, au uliofungwa ukiwa bado na gamba la plastiki. Sababu nyingine ni kuchukua voltimita ukidhani ni ameta, kwa maana sura zao ni moja na tofauti ni herufi tu. Voltimita yenye ukinzani wa omu 5,000 ikiingizwa ndani ya njia, mkondo unakuwa sehemu ya elfu tatu ya ampea moja au pungufu. Dalili yake ni hii: sindano yake inasimama karibu na 1.5 na haitikisiki hata plagi zichomolewe vipi. Kwenye njia iliyo sawa, kila plagi inayoongezwa au kutolewa huisogeza.

Kazi ya K nayo ni zaidi ya kuwasha na kuzima. Seli kavu ikiachwa inatoa nusu ampea kwa dakika kadhaa, hali yake ndani hubadilika: msukumo hushuka, ukinzani hupanda. Kumbe hesabu nzima imejengwa juu ya E na r zisizobadilika. Kwa hiyo K hufungwa, sindano ikitulia inasomwa, K inafunguliwa, halafu ndipo plagi zibadilishwe. Anayetaka kujua kama seli yake imebaki vilevile hurudia R ya kwanza baada ya ya mwisho. Ikiwa omu 1 ilitoa ampea 0.75 mwanzoni na sasa inatoa 0.70, seli imechoka na namba za katikati zina kasoro.

Tuchukue seli iliyotunzwa vizuri. Kwa R ya omu 1, 2, 3, 4 na 5, ameta inaonyesha ampea 0.75, 0.50, 0.375, 0.30 na 0.25. Moja ikigawanywa kwa kila mkondo inakuwa 1.33, 2.00, 2.67, 3.33 na 4.00. Kwenye grafu, R ikiwa wima na 1/I mlalo, nukta tano zinakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho R imepanda kwa 4, na 1/I kwa 2.67, 4 ukigawa kwa 2.67 ni 1.5. Huo ndio msukumo wa seli, volti 1.5. Mstari ukirefushwa kwenda kushoto, unaukata mhimili wa wima kwenye −1. Basi r ni omu 1.

Hapa anayeanza kwa kuusoma mchoro ana faida moja ya wazi. Anajua tangu mwanzo kwamba jibu litatokea chini ya sifuri, hivyo anaacha nafasi chini ya mhimili wa mlalo na kuuanzisha mhimili huo kwenye 0. Asiyejua huuchora mhimili kwenye ukingo wa chini wa karatasi, akafika mwisho na mstari ukamwishia nje ya grafu.

Hata hiyo omu 1 si ya seli peke yake. Mistari ya mchoro haina ukinzani, ila waya za mezani zinao kidogo, na ameta inao, na swichi inao. Vyote vimefuatana na seli katika njia moja, na grafu haiwezi kuvitenganisha. Inavijumlisha kwenye kile kikato cha chini. Plagi iliyolegea inaweza kuongeza sehemu tatu za kumi za omu, na r ikasomeka 1.3. Hujulikana kwa kuigusa: ukiibonyeza na sindano ikacheza, kosa liko hapo. Plagi hufutwa vumbi, huingizwa kwenye tundu lake, na huzungushwa kidogo huku ikisukumwa chini mpaka ibane, kisha namba zote tano zinasomwa upya.