Ada Inayomeza Faida

Kwenye masoko ya sarafu za kidijitali, anayeweka oda kwa bei yake na kusubiri hutozwa ada ndogo. Anayechukua bei iliyopo papo hapo hutozwa zaidi. Tuseme ni asilimia 0.25 na 0.40. Ukinunua na kuuza papo hapo, ada ni takriban 0.80, bei ikiwa imepanda 0.60, umekula hasara ingawa ulibashiri sawasawa. Kwa oda za kusubiri ungelipa 0.50, ukabaki na 0.10. Tatizo, bei ikikukimbia oda haijazwi. Ikiporomoka, hujazwa upesi. Ada hupungua kadiri mauzo na manunuzi yako ya siku 30 yanavyoongezeka, lakini kuzungusha pesa kwa hasara ili upande ngazi ni kumtajirisha mwenye soko.